Kabla ya Wimbo wa Pili: Barua kwa Kijana Aliyeanzisha Bendi

(Maneno ya mwalimu mstaafu wa muziki mbele ya vijana wa bendi na kwaya, Jinja)

Wazee wenzangu na vijana, hamjambo. Nimeombwa niseme neno juu ya bendi zinazoanza. Nilikaa mezani juzi kuandika hotuba, nikaona kwamba hotuba yenyewe nilishaiandika, ila niliiandika kama barua. Nilimwandikia kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ana bendi yake hapa hapa mjini. Nimemwomba ruhusa, akasema soma tu, Mwalimu, ila usinitaje jina. Sitamtaja, ingawa nikimwangalia pale nyuma anavyocheka naona anajitaja mwenyewe.

Barua niliiandika kwa Kiswahili. Baba yake na mimi tulijuana kwenye bendi ya tarumbeta ya kambini, na kambini lugha ilikuwa hiyo: afande alihesabu kwa Kiswahili, tukapuliza kwa Kiswahili. Nitasoma, na pale penye haja nitasimama nieleze.

Mwanangu, salamu.

Nimepokea ile rekodi uliyonitumia kwa simu. Umeniambia mko sita: drams, besi, gitaa la ridhimu, gitaa la solo, kinanda, na mwimbaji. Umeniambia pia kwamba mmefanya mazoezi mara tatu, saa tatu kila mara, na mna nyimbo kumi na moja tayari. Na kwamba baada ya wiki nane mmeahidiwa kupiga kwenye kwanjula, ile sherehe ya familia mbili kutambulishana kabla ya harusi.

Nyimbo kumi na moja hamna. Mna wimbo mmoja ulioharibika kwa njia ile ile mara kumi na moja. Usikasirike, soma kwanza.

Niliuchukua ule wimbo wenu wa kwanza, ule ulioutunga mwenyewe, nikakaa na saa ya ukutani na penseli. Nilihesabu mapigo kwa sekunde kumi na tano, kisha nikazidisha kwa nne. Mwanzoni nilipata mapigo 26, maana yake 104 kwa dakika. Kwenye kiitikio cha kwanza nilipata 28, yaani 112. Mwishoni kabisa yalikuwa 31, yaani 124. Mwimbaji wako, ambaye ana sauti nzuri, ubeti wa tatu alikuwa anameza maneno kama mtu anayekula huku teksi inamwacha.

Kila bendi changa hukimbia, hilo si habari. Habari ni mahali mnapokimbilia. Nilirudia rekodi nikigonga penseli mezani bila kubadilisha mwendo. Ndani ya ubeti mlikuwa mnakaa na penseli yangu vizuri tu. Hamkupanda polepole kama mtu anayepanda mlima na baiskeli. Mlipanda ngazi, na ngazi zilikuwa tatu, zote mahali pamoja: pale ubeti unapokwisha na mpiga drams anazungusha mikono kwenye ngoma za juu ili kuingiza kiitikio.

Sikiliza kinachotokea hapo. Katika pigo la nne anataka kuingiza vipigo vinne vidogo. Mikono imeshachangamka, kile cha mwisho kinabanwa, na mguu unashuka kwenye "moja" ya kiitikio kabla "moja" haijafika. Wa besi amefundishwa afuate mguu wa drams, naye anashuka pamoja naye. Ridhimu anamfuata wa besi. Wengine wote wanafuata. Na kwa kuwa wote wamewahi pamoja, hakuna anayesikia kosa, mnasikia raha. Kila kiitikio kinawaongezea hatua moja, na hakuna anayewarudisha.

(Hapa niwaambie jambo langu mwenyewe. Miaka ya ujana nilipiga besi katika bendi ya hoteli moja, tena nikijiona fundi. Mazoezi yetu yalikuwa kupiga nyimbo zote tangu mwanzo hadi mwisho, halafu kwenda kunywa. Harusini tuliwaanzishia maharusi wimbo wa kuingia taratibu. Walipofika katikati ya ukumbi walikuwa wanatembea kama wanakimbia mvua, na bibi harusi ameshika gauni kwa mikono miwili. Tulilipwa nusu. Hatukujua tulikosea wapi kwa sababu hatukuwahi kusimamisha wimbo katikati tukauangalia.)

Sasa, mwanangu, wiki ijayo usifanye mazoezi ya bendi. Waite wawili tu, wa drams na wa besi. Wengine waambie waje baadaye, na saa nitakupa.

Waketishe wakitazamana. Unakumbuka amadinda tuliyokuwa nayo shuleni, ile marimba ya vipande kumi na viwili? Wapigaji wawili walikaa ng'ambo na ng'ambo ya magogo. Wa kwanza alianza okunaga, mapigo yaliyopishana sawasawa, polepole, mepesi hata mtoto angeyaweza. Wa pili, wa okwawula, aliyatia ya kwake katikati ya yale, kila moja mahali pa nafasi. Wa tatu, wa okukoonera, alingoja mpaka wawili wale wametulia, ndipo akagonga vipande viwili vya juu. Mtu aliyesimama nje alisikia muziki wa kasi usioshikika, kumbe ndani hakuna mtu mmoja aliyekuwa anakimbia. Na wa kwanza akiwahi hata kidogo, wa pili hukosa pa kuweka fimbo yake, mnagongana papo hapo. Hiyo ndiyo faida ya amadinda: haikubali uongo. Bendi ya magitaa inaukubali, ndiyo maana inabidi uutafute kwa makusudi.

Basi watazamane, na wasipige wimbo. Wapige mafungu manne tu ya mapigo manne manne: mawili ya mwisho wa ubeti, mawili ya mwanzo wa kiitikio. Ile ngazi iwe katikati. Wakimaliza fungu la nne warudi la kwanza bila kusimama, duara, duara. Mwendo uwe 80, si 104. Na mara ya kwanza wa drams asizungushe chochote. Pale pa kuzungusha apige kama kawaida, na wote wawili wahesabu kwa mdomo, moja mbili tatu nne, kwa sauti. Wataona aibu. Waache waone. Hapo utagundua ni nani hawezi kuhesabu huku anapiga, na huyo ndiye aliyekuwa anaongozwa na mikono yake.

Duara likikaa, mrudishie mzunguko wake, lakini kwanza kwa vipigo viwili badala ya vinne. Kisha vinne. Ukisikia "moja" inawahi, rudi kwenye viwili.

Utauliza mwendo wa 80 mtaujuaje. Simu ina metronomu, itumie. Ila usiiweke igonge kila pigo. Iweke 40, na mwambie kila mtu kwamba mlio huo ni pigo la pili na la nne, pale kwaya inapopiga makofi. "Moja" na "tatu" muzitafute wenyewe. Metronomu ikigonga kila pigo inawabeba mgongoni, na mtu anayebebwa hajifunzi kutembea. Wala msiiunganishe na spika kubwa. Iwe ndogo kiasi kwamba wakipiga kwa nguvu wanaipoteza. Wakiipoteza, wamepiga kwa nguvu mno.

Umeme ukikatika na simu imekufa, fanya kama nilivyokuwa nikifanya darasani.

(Hili nimelileta, angalieni. Ni uzi, na hili ni jiwe la ukubwa wa yai dogo. Nilikuwa naufunga kwenye boriti ya darasa. Jiwe likiachwa libembee kidogo, upana wa kiganja kila upande, kila linapofika mwisho wa upande wowote, huku au kule, ni pigo moja. Uzito wa jiwe haubadilishi mwendo, anayebadilisha ni urefu wa uzi. Toka fundo la juu hadi katikati ya jiwe, sentimita 99, karibu mita moja, inakupa mapigo 60 kwa dakika. Sentimita 56 inakupa 80. Sentimita 44 inakupa 90. Sentimita 33 inakupa 104. Nina mafundo manne kwenye uzi huu, na mwalimu wa fizikia alikuwa akiuazima kila muhula bila kuurudisha. Jiwe litabembea dogo dogo baada ya dakika chache, lakini mwendo haubadiliki, ni upana tu unaopungua, mlisukume tena.)

Uzuri wa jiwe ni kwamba halina sauti. Wanaliangalia mpaka mwendo uingie mwilini, kisha wanaligeuzia mgongo, wanapiga duara nane, halafu wanageuka. Kama bado wanakutana nalo, wamepata. Kwa simu ni hivyo hivyo: zima sauti kwa mafungu manane, iwashe tena, msikie kama mnaangukia mahali pamoja. Ukifanya hivyo mara ya kwanza utakuta wamewahi. Wasikate tamaa na wewe usiwacheke. Mara ya tano watakuwa wamekaribia.

Sasa kupanda. Duara likienda mara tatu mfululizo bila "moja" kuwahi, ongeza mapigo manne: 84. Mara tatu tena, 88. Likivunjika mara mbili kwenye mwendo mmoja, usishindane nalo, teremka manane, anza kupanda upya. Toka 80 hadi 104 ni ngazi sita, na jioni ya kwanza hamtazimaliza. Mkifika 92 fungeni vyombo. Siku inayofuata anzeni tena 80, hata kama jana mlifika mbali. Mtashangaa mnavyopanda haraka.

Nataka uelewe pia mipaka ya dawa hii. Kuna nyimbo zinazotakiwa kuchangamka; sebene ikianza na watu wameinuka vitini, bendi nzuri huongeza kidogo, tena kwa kukusudia. Lakini anayeweza kuongeza kwa kukusudia ni yule anayeweza kukaa. Nyie bado.

Jambo la pili ni kelele, na nalitaja kwa sababu limo katika rekodi yako na linazaa lile la kwanza. Mtu asiyemsikia mwenzake hawezi kukaa naye.

Chumba chenu ni cha mabati, si kikubwa kuliko chumba cha kulala. Nilisikia jinsi mambo yalivyokwenda. Saa ya kwanza mwimbaji alisikika. Saa ya pili alikuwa anapiga kelele. Saa ya tatu sauti ilikuwa imekwaruza na maiki inapiga mluzi. Nani alianza? Nakuapia ni wa solo, na hakuwa na nia mbaya. Amplifaya yake iko sakafuni, ameisimamia mbele, sauti inampita magotini na kumpiga wa besi usoni. Yeye mwenyewe hajisikii, anaongeza. Wa besi anaongeza kujibu. Wa drams anapiga kwa nguvu zaidi, na mkono unaopiga kwa nguvu huwahi. Umeona tulivyorudi pale pale?

Pandisha amplifaya kwenye kiti, uiinamishe nyuma kidogo itazame sikio la mwenyewe. Peke yake hilo litamfanya apunguze, tena atalalamika kwamba ina kelele. Wa drams mpe fimbo nyepesi: chukua njiti za ufagio mgumu, kama kumi na tano, zifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli pale anaposhika na tena katikati. Juu ya snea weka kitambaa, robo tu ya uso wake. Na maiki, kwa wiki mbili za kwanza, ibaki nyumbani. Mwimbaji asimame katikati yenu aimbe kwa koo lake. Kipimo ni hiki: kama yeyote kati yenu hasikii kila neno lake, bendi imezidi, na wa kwanza kupunguza ni yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyeona.

Maiki ikirudi wiki ya tatu, mgongo wake uelekee spika. Mwimbaji awe anatazama spika, maiki ikiwa katikati yao, kinywa chake upande wa pili. Mkiweka spika nyuma yake, mnaiambia maiki isikilize spika, na mluzi hautaisha hata mnunue maiki ya bei gani.

Sasa saa. Mmesema mnafanya kwa saa tatu. Fanyeni kwa saa mbili. Wa drams na wa besi wafike saa kumi alasiri. Saa kumi na dakika arobaini aingie ridhimu peke yake, akae kwenye lile lile duara la mafungu manne. Ridhimu ndiye okwawula wenu: kazi yake ni kuweka nyuzi zake kwenye nafasi walizoacha wale wawili, na kama hakuna nafasi, basi wa besi anapiga noti nyingi mno. Mwambie apunguze. Atanuna. Wa besi wote hununa wakiambiwa hivyo, nilikuwa mmoja wao.

Saa kumi na moja waingie waliobaki. Wa kinanda, kwa mwezi mzima, apige kwa mkono wa kulia tu. Nimesikia mkono wake wa kushoto kwenye rekodi, unakanyaga besi kila mahali, na noti za chini zikigongana chumba kinavuma, hakuna anayejua sauti imetoka kwa nani. Wa solo asipige chochote wakati mwimbaji anaimba. Nafasi yake ni pumzi za mwimbaji. Hapo ndipo wimbo wenu mmoja, huo huo, upigwe mzima. Mara mbili, si zaidi. Saa kumi na mbili mtu aende nyumbani.

Simu ya kurekodia usiiweke juu ya amplifaya kama mlivyofanya. Itundike kwenye msumari ukutani, mbali nanyi kwa kadiri chumba kinavyoruhusu, kimo cha sikio. Wala msisikilize usiku ule ule. Usiku ule kila mtu anasikiliza chombo chake. Sikiliza kesho yake asubuhi na penseli mkononi, sekunde thelathini mwanzoni, thelathini kwenye kila kiitikio, thelathini mwishoni, kisha zidisha kwa mbili. Andika namba kwenye karatasi, ibandike ukutani. Mkiona 104, 104, 106, 106, mmepona. Mwanadamu si saa, mbili tatu hizo hakuna atakayezijua. Mkiona 104, 110, tafuteni ngazi nyingine iliyojificha. Mara nyingi itakuwa pale kwenye kurudi toka kiitikio kwenda ubeti, ambako hakuna mtu aliyepachunguza.

Nakuona unahesabu wiki zako. Wiki mbili kwa wimbo mmoja, na kwanjula inakungoja. Lakini wimbo wa pili hautachukua wiki mbili, kwa sababu ugonjwa wake ni ule ule na dawa mtakuwa nayo. Nadhani mtautibu kwa jioni mbili tatu. Wiki ya nane mtakuwa na nyimbo saba au nane zinazosimama. Kwanjula yenyewe msemaji wa upande huu na msemaji wa upande ule watakula zaidi ya nusu ya siku wakibishana kwa mafumbo. Nyimbo nane zinatosha, na ile nzuri mtarudia, tena wataiomba wenyewe.

Jambo dogo la mwisho: fanyeni mazoezi ya kumaliza. Chukueni mafungu manane ya mwisho wa wimbo mpige hayo tu, mara kumi, mpaka wote sita mnanyamaza pamoja bila kuangaliana kwa hofu. Rekodi yako ilikwisha na wa kinanda akiendelea peke yake kama mtu aliyesahaulika kituoni.

Jumamosi ya tatu nitapanda boda nije. Niwekee kiti karibu na besi, na mwambie wa solo kwamba mzee ana masikio yake yote mawili. Mwalimu wako.

(Hiyo ndiyo barua. Nilikwenda hiyo Jumamosi, naye ananiruhusu kuwaambia: karatasi ya ukutani ilisomeka 104, 106, 110, 108. Ile 110 tuliitafuta pamoja, tukaikuta kwenye kiitikio cha pili, na mkosaji hakuwa wa drams hata kidogo. Alikuwa mwimbaji, anavuta pumzi fupi na kuingia mapema, na bendi nzima kwa adabu inamfuata. Tumempa kazi ya kuhesabu kwa vidole mfukoni. Aliyeleta gitaa leo alete mbele, na yule binti wa besi pale dirishani aje pia, tufunge huu uzi kwenye boriti tujaribu.)